Maji Yakichemka Kapsokwony: Mjadala wa Video ya Dakika Nne

Mpango wenyewe ni huu. Mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari msingi hapa Kapsokwony anataka kila Jumapili jioni wanafunzi wake wa Gredi ya 8 wapate video moja fupi kwenye simu za nyumbani. Video itokane na lililofundishwa darasani wiki hiyo, na iwe na umbo lilelile wiki baada ya wiki, ili mtoto akiifungua ajue tangu sekunde ya kwanza anatakiwa kufanya nini. Muhula una wiki zaidi ya kumi. Yeye anataka video kumi.

Aliwaalika watu watatu waupasue mpango huo kabla hajautangaza kwa wazazi. Wa kwanza ni mzee aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu, aliyefundisha enzi za masomo ya redio. Wa pili ni fundi wa picha mwenye duka Kimilili, ambaye Jumamosi zake nyingi huishia kwenye harusi. Wa tatu ni mama mkulima wa vitunguu, mwenye binti katika darasa hilo. Mimi nilikuwepo kuandika, na pale ninapoona jambo halikuelezwa vya kutosha nimeongeza langu.

MWALIMU: Nilivyofikiri mwanzo, kazi ni ndogo. Naweka simu juu ya dawati la nyuma, nafundisha dakika zangu 40 kama kawaida, jioni nakata vipande. Nilijaribu na somo moja. Nilipoitazama, sauti kubwa ilikuwa ya viti kuburutwa. Nami nilikuwa naita majina, nafuta ubao, nasubiri mtu ajibu. Darasani ule muda una kazi yake, maana nakuwa nasoma nyuso zao nijue nani amepotea. Kwenye simu unakuwa muda mtupu.

FUNDI: Ndiyo maana nakwambia, mwalimu, sekunde 60 zinatosha. Mimi harusi ya kutwa nzima naitoa dakika tatu, na watu wanalia. Weka muziki, kata haraka haraka, mtu asipate nafasi ya kutoa kidole.

MZEE: Kijana, wanaotazama harusi yako wanajua tayari nani ameoa nani. Wanatazama kukumbuka. Mtoto wa huyu mwalimu anatazama jambo asilolijua, na kwa mtu asiyejua, kukata haraka ni kumfungia mlango.

FUNDI: Lakini mzee, asipotazama kabisa, atajifunza nini?

Hapo fundi ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu. Mwaka 2014 watafiti watatu, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, walichapisha uchunguzi wa masomo ya mtandaoni ya edX. Walipitia karibu mara milioni 7 ambazo watu walifungua video za masomo, na wakaona kwamba hata video iwe ndefu kiasi gani, muda ambao mtazamaji wa kawaida alidumu nayo haukuzidi dakika sita. Hivyo ufupi si fasheni ya vijana. Lakini wale walikuwa watu wazima waliojiandikisha wenyewe, na kudumu na video si kuielewa. Dakika nne alizochagua mwalimu zimepatikana kwa njia nyingine. Anapofundisha kwa mwendo wa kueleweka husema karibu maneno 100 kwa dakika, na alipojaribu kuandika maelezo ya jambo moja tu, akiacha nafasi za kunyamaza, yalimfikia maneno 300 na kidogo.

MZEE: Sasa tuseme dakika nne. Za nini? Sisi kwa redio tulikuwa na kipindi cha saa maalumu. Ukichelewa kuwasha, kimekwenda, hakirudi. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo mwalimu alipata kijitabu kinachosema watoto watayarishwe vipi, wakati wa kipindi wafanye nini, na kikiisha waulizwe nini. Redio yenyewe ilikuwa robo ya kazi. Mwaka 2020, Machi, shule zilipofungwa kwa korona, masomo yalirudi redioni na kwenye televisheni ya elimu. Lakini mtoto alikuwa peke yake sebuleni, na wajukuu zangu walikuwa wanasikiliza huku wanamenya viazi. Walisikia kila kitu. Ukiwauliza, hawana kitu.

MWALIMU: Kwa nini, mzee?

MZEE: Kwa sababu hakuna mtu aliyewauliza kwanza wao wanaamini nini. Walisikia maneno mazuri yakapita juu ya yale waliyokuwa nayo kichwani tayari.

Maneno hayo ya mzee yana ushahidi, nami nilifurahi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyeyafikia kwa kufundisha tu. Derek Muller, ambaye leo anajulikana duniani kwa video zake za sayansi, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Sydney, mwaka 2008, juu ya swali hilihili. Aliwaonyesha wanafunzi video za fizikia za namna mbalimbali. Waliotazama maelezo safi, yaliyopangwa vizuri, walisema video ilikuwa wazi, kisha kwenye mtihani hawakupiga hatua ya maana. Waliotazama video iliyoanza kwa kuonyesha wazo potofu ambalo watu wengi wanalo, na kulijadili mpaka likavunjika, walisema inachanganya. Hao ndio waliojifunza zaidi. Walikuwa wanafunzi wa chuo huko Australia, si watoto wa Mlima Elgon, lakini sababu iliyotolewa inaeleweka popote: mtu akidhani analijua jambo, hasikilizi. Anasubiri maneno anayoyafahamu, akiyasikia anaridhika.

Hapo ndipo mpango wa mwalimu ulipobadilika. Badala ya kuuliza somo gani la wiki litiwe kwenye video, akaanza kuuliza kosa gani la wiki.

MWALIMU: Mfano upo. Tulikuwa kwenye joto na kuchemka. Nikawauliza, maji yakishaanza kuchemka kabisa, ukiongeza kuni, joto la maji litafanya nini? Waandike, wasiseme. Nilipokusanya madaftari, zaidi ya nusu wameandika litaongezeka. Na si wavivu. Wengine ndio wa mbele darasani.

MAMA: Lakini mwalimu, si linaongezeka? Mimi napika maharagwe kila siku. Moto ukiwa mkali yanaiva mapema. Hilo si la kuandikiwa ubaoni.

MWALIMU: Mama, sufuria ikiwa bado haijachemka, sawa kabisa. Moto mkali unaifikisha mapema. Mimi nauliza ikishachemka.

MAMA: Hata ikishachemka. Ukiutoa moto si inapoa?

MWALIMU: Ukiutoa wote, ndiyo. Ukiupunguza lakini maji yakaendelea kuchemka, taratibu, hayapoi. Ule moto wa ziada unafanya kazi ya kugeuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana ukizidisha kuni maji yanakauka, unaongeza mengine, na usipoangalia maharagwe yanashika chini. Yanayopungua ni kuni na maji. Joto linabaki palepale.

MAMA: Hayo ya kushika chini nayajua. Mengine bado sijakubali.

Tafadhali, msomaji, mwangalie huyu mama. Amepewa maelezo sahihi, kwa heshima, na mtu anayemwamini, naye bado hajakubali. Mtoto wake atakuwa vilevile mbele ya simu, tofauti ni kwamba yeye hatapata nafasi ya kubisha. Video inabidi ibishe kwa niaba yake.

Mwalimu alikuwa amerekodi jaribio lenyewe, akatuonyesha. Sufuria mbili sawa, maji kiasi kilekile, zote zimefikishwa kuchemka. Chini ya moja moto umepunguzwa mpaka maji yanatokota polepole. Chini ya nyingine moto unawaka wa kupandisha povu. Kipimajoto kinaingizwa katika ya kwanza, kisha ya pili. Mara zote mbili kilisimama kati ya nyuzi 93 na 94.

FUNDI: Ngoja. Si maji huchemka nyuzi 100? Hiyo hata mimi niliisoma. Hicho kipimajoto kibovu.

MWALIMU: Nilijua mtu atasema hivyo. Mia ni ya Mombasa, usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inayoyakandamiza maji inapungua, nayo yanachemka mapema. Hesabu ya haraka ni karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kitale, ambayo iko karibu mita 1,900, hayafiki 95. Ukiweza kuwasha moto kwenye kilele cha Wagagai, mita 4,321, yatachemka kwenye 86 hivi.

MAMA: Kwa hiyo maharagwe yangu yanachelewa kwa sababu naishi mlimani?

MWALIMU: Ni sababu mojawapo, mama. Dada yako aliye Mombasa anapika kwa maji yaliyo moto zaidi kuliko yako, hata kama nyote mnayaona yanachemka. Sufuria ya presha inakurudishia hicho ulichopoteza, na zaidi, kwa sababu inafungia mvuke ndani.

MZEE: Hapo una video mbili, mwalimu. Usizitie kwenye moja.

Nakubaliana na mzee kwa nguvu zote. Jambo la mwinuko ni tamu, ni la hapa nyumbani, na kila mwalimu angetamani kulipenyeza. Lakini likiingia, mtoto aliyeandika "litaongezeka" anaondoka na namba 93 kichwani huku kosa lake likiwa halijaguswa. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba namba isomwe wazi, swali la "mbona si 100" lisemwe mwishoni kuwa la wiki ijayo, na hapo video ikome.

Umbo walilolifikia ndilo ambalo litarudi kila Jumapili. Katika sekunde 20 za kwanza swali linasomwa, na ubaoni yako majibu mawili yaliyotoka darasani, yote kwa maandishi ya mwalimu, bila kusema lipi ni sahihi wala nani aliandika. Kisha mwalimu anasema simamisha video, andika jibu lako na sababu moja. Ananyamaza sekunde kumi, kwa sababu watoto wengi hawatasimamisha, na ule ukimya ndio kusimamisha kwao. Kuanzia hapo mpaka dakika ya tatu ni jaribio au hoja, jambo moja tu. Halafu inakuja sehemu ambayo fundi alitaka kuikata, naye mwalimu akakataa: karibu nusu dakika ya kurudi kwenye jibu la makosa na kueleza kwa nini lilionekana sahihi. Kwenye mfano huu, kwamba tumezoea kuona moto ukiongezwa vitu vinapata joto zaidi, na ni kweli, mpaka maji yafike pa kuchemka. Mwisho swali la wiki ijayo, lenye kitu cha kujaribu nyumbani.

FUNDI: Lakini kila wiki vilevile? Watachoka. Mimi kila harusi natafuta mwanzo mpya.

MWALIMU: Wewe unalipwa kwa huo mwanzo. Mimi nina vipindi vya kufundisha, madaftari ya kusahihisha na mtoto mdogo nyumbani. Nikikaa kila Jumamosi kutafuta mwanzo mpya, wiki ya nne nimeacha. Ubao uleule, pembe ileile, maneno ya kufungulia yaleyale. Kinachobadilika ni swali.

MZEE: Na mtoto naye hapotezi akili kujiuliza hii leo inaendaje. Anajua sasa ni kuandika, sasa ni kutazama. Akili yote inakwenda kwenye maji.

FUNDI: Sawa. Na somo ambalo halina kosa? Majina ya sehemu za ua, kwa mfano. Hapo utaanza na kosa gani? Mtoto hajui tu.

Palikuwa na kimya. Swali hilo la fundi ni zuri, na sikuona likijibiwa mpaka mwisho. Mzee alidai kwamba hata majina yana kosa lake: mtoto anayajua kwa kukariri, mpe ua asilowahi kuliona, uone ataonyesha nini. Mwalimu alisema kwa upande wake kwamba wiki kama hiyo ataiacha bila video. Mimi naegemea kwa mwalimu, kwa sababu umbo lililotengenezwa kwa ajili ya kuvunja wazo potofu, ukilivika somo la kukariri, linakuwa mchezo wa kuigiza. Lakini wiki ikirukwa, desturi inavunjika, na desturi ndiyo aliyoitaka. Hawakuelewana.

Mama yeye alikuwa na lake, na alilisubiria muda mrefu.

MAMA: Mimi nilikuja kuuliza kitu kingine. Binti yangu mkubwa, shule aliyokuwa kabla ya hapa ilimpiga picha akishika kikombe cha michezo, ikawekwa kwenye ukurasa wao. Hakuna aliyeniuliza. Mtu nisiyemjua akaja kuniambia sokoni kwamba amemwona mtoto wangu amekuwa mkubwa. Sikulala siku hiyo. Sasa huyu mdogo naye mtamtoa?

MWALIMU: Hapana, mama. Hakuna mtoto atakayeonekana.

MAMA: Wala sauti?

MWALIMU: Wala sauti.

Tulidhani mwanzoni mama ametoka nje ya mada. Hakutoka. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na picha ni mojawapo ya taarifa hizo. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kuna walimu wanaopeleka karatasi ya idhini mwanzoni mwa muhula na kudhani yamekwisha, ilhali mzazi anayetia sahihi leo anaweza kubadili nia kesho, na video iliyokwisha sambaa kwenye simu za watu hairudishwi. Kumwacha mtoto nje ya picha kabisa kunamwondolea mwalimu mzigo huo wote, na hakupunguzi somo hata kidogo, maana kinachohitajika ni jibu la mtoto, na jibu linaandikika ubaoni. Mikono ya mwalimu, ubao na sufuria vinatosha.

Ilipofika zamu ya kazi yenyewe ya kurekodi, fundi alikuwa mwalimu wetu sote.

FUNDI: Kitu cha kwanza, sauti. Picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anazima. Na huku kwenu mchana mvua inapiga mabati, hata mtu aliye kando yako humsikii. Rekodi asubuhi. Usitegemee maikrofoni ya simu iliyo mbali, kwa sababu inachukua chumba kizima. Chukua simu ya pili, iunganishe na zile waya za masikioni zenye maikrofoni, bana ile maikrofoni kwenye kola, simu mfukoni. Ukianza, piga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye unaoanisha kofi la picha na kofi la sauti.

MWALIMU: Na mvuke? Lenzi ilijaa ukungu.

FUNDI: Umeiweka juu ya sufuria. Iweke pembeni, usawa wa kipimajoto, na nyuma ya kipimajoto weka karatasi nyeusi, ule mstari mwembamba utaonekana. Na kisiguse chini ya sufuria, maana hapo utakuwa unapima chuma.

Suala la ukubwa wa faili ndilo lililochukua muda, na ndilo linaloua miradi ya namna hii bila mtu kujua. Simu ya mwalimu inarekodi kwa ubora wa 1080, na kwa kiwango cha kawaida cha simu kama hiyo dakika moja hula karibu megabaiti 130. Dakika nne ni zaidi ya megabaiti 500. Mama alicheka aliposikia. Hiyo ni bando ambayo hainunui kwa ajili ya kutazama maji. Fundi akaonyesha anachofanya dukani. Anaipunguza picha mpaka 640 kwa 360, picha ikitumia kilobiti 400 kwa sekunde na sauti 64. Jumla ni kilobiti 464 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 240, gawanya kwa nane upate kilobaiti, na unafika karibu megabaiti 14. Sauti haikupoteza kitu cha kusikika. Picha ilipoteza, na hasara ilikuwa kwenye maandishi. Herufi ambazo kwenye kioo cha kompyuta zilisomeka vizuri, kwenye simu ndogo zilikuwa kama vumbi la chaki. Dawa yake ni ya ubaoni, kabla hujarekodi: herufi kubwa kama ngumi, maneno machache, na kabla ya kutuma, itazame kwenye simu ya bei ya chini zaidi utakayoipata, ukiwa umenyoosha mkono.

MAMA: Na sisi wenye kabambe?

Swali hilo halikupata jibu zuri. Katika nyumba nyingi simu ya kisasa ni moja, inatoka asubuhi na baba au mama, inarudi usiku ikiwa na chaji kidogo. Nyingine hazina kabisa. Mwalimu anasema video itaonyeshwa pia Jumatatu kabla ya somo, kwenye vishikwambi vilivyofika shule za msingi kupitia mpango wa serikali wa tangu 2016, vile ambavyo bado vinawaka. Lakini mtoto wa Jumatatu hana usiku wa kufikiri kama mwenzake wa Jumapili, na swali la kujaribu nyumbani halimfikii. Mzee alipendekeza swali liandikwe ubaoni Ijumaa, watoto wote waende nalo, na video iwe jibu. Hilo lilinipendeza sana. Linamrudisha kila mtoto mstari mmoja, awe na simu au asiwe nayo, na linakumbusha kile kijitabu cha redio.

Kisha ikaja lugha, na hapo palichemka kuliko sufuria. Sayansi inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Watoto wanabishana kwa Kiswahili, na wakiwa nyumbani wengi kwa Kisabaoti. Mwalimu anataka kueleza kwa Kiswahili huku maneno ya mtihani yakiwa ubaoni kwa Kiingereza. Mzee anaona mtoto atakwenda mtihanini akiwa na uelewa asioweza kuuandika. Mama alisema jambo moja, kwamba video ikiwa kwa Kiswahili yeye pia ataitazama, na akibishana na binti yake itakuwa sawa. Mimi sina la kuongeza hapo ila kwamba hoja ya mama haikujibiwa na yeyote.

MZEE: Utajuaje kama imefanya kazi? Usiniambie waliotazama ni wangapi.

MWALIMU: Swali lilelile, dakika tatu, Jumatatu, kwa maandishi. Nahesabu walioandika litaongezeka. Halafu narudia baada ya wiki mbili bila kuwaonya.

MZEE: Lilelile hapana. Watakuwa wamekariri jibu. Badilisha. Uliza chai: maji ya chai yanachemka, mtu anaongeza gesi ili yawe moto zaidi, je, atafaulu? Aliyeelewa atajibu. Aliyekariri atatafuta kuni.

MWALIMU: Na nina mikondo miwili. Mmoja upate video wiki hii, mwingine wiki ijayo. Nitaona tofauti.

MZEE: Utaona kitu. Usiite uthibitisho. Mkondo mmoja unaweza kuwa na mama wabishi zaidi.

La mwisho walilokubaliana ni la utaratibu, na lilitoka kwa fundi, aliyeona vijana wengi wakija dukani kwake na mfululizo mpya kisha wasirudi. Hakuna kutangaza Jumapili ya kwanza mpaka video tatu ziwe zimekamilika, zimepunguzwa ukubwa na zimetazamwa kwenye simu duni. Wiki ya mitihani itakuja, mvua ya asubuhi itakuja, mtoto atapata homa, na hizo tatu ndizo zitakazoziba. Mwalimu anazo mbili: ya kuchemka na ya mwinuko.

Uamuzi wangu ni kwamba mpango huu ufanywe, na ufanywe hivi ulivyo sasa, si ulivyokuwa mwanzo. Kamera iliyogeuzwa kuelekea darasa zima ilimpa mwalimu picha ya kazi yake. Madaftari ndiyo yaliyompa kitu cha kurekodi. Kwa hiyo, mwalimu unayesoma haya huko Kaptama, Cheptais au Kitale, kabla hujanunua stendi ya simu, kusanya madaftari ya Jumatatu, uliza swali moja, na uhesabu ni jibu gani la makosa limeandikwa na watoto wengi zaidi.